Video za vitabu za sekunde 40: acheni kutusimulia kitabu chote!

Rafu ya Chini: Wakuu, nimechoka. Kila anayependekeza riwaya siku hizi anafungua hivi: "Rosa ni binti wa Zakaria, baba mkali na mlevi, wanaishi Ukerewe, siku moja barua inakamatwa..." Sekunde 25 zimekwisha, nimepewa majina ya watu nisiowajua, na katika zile 15 zilizobaki ananiambia na mwisho wake! Halafu anamalizia, "Kitabu kizuri sana, kisomeni." Nikisome cha nini tena? Sekunde 40 hazitoshi kusimulia riwaya, ila zinatosha kabisa kuiharibu. Semeni kitabu kinamfanya nini msomaji, basi!

Mama Kalamu: Naunga mkono. Weka muziki wa huzuni, sema "kinahuzunisha, kinasisimua, utalia", watu watanunua.

Rafu ya Chini: Hapo ndipo tunapokosea mara ya pili, dada. "Kinahuzunisha" kinaenea kwenye nusu ya vitabu vya duka zima. Ficha jalada, soma sentensi yako kwa sauti. Kama inakifaa kitabu kingine chochote, ifute. Na muziki ukiwa juu ya sauti unameza silabi za mwisho, anayesikiliza kwenye daladala haambulii kitu.

Mwalimu wa Kidato: Mimi wanafunzi wangu wanahitaji wahusika, dhamira na mtiririko wa matukio kwa ajili ya mtihani. Mkiondoa hayo watajibu nini?

Rafu ya Chini: Huo ni uchambuzi, mwalimu, na una mahali pake. Sisi tunamzungumzia mtu ambaye bado hajakifungua kitabu.

Fundi wa Sauti: Ngojeni tukae kwenye mfano huohuo. *Rosa Mistika* ilitoka 1971, na ni kweli matukio yake yanasimulika kwa urahisi, ndiyo maana watu wanateleza. Anza na kuuliza mwili wa msomaji unahisi nini kurasa za mwanzo, kisha hisia hiyo inageuka kuwa nini. Hisia isiyogeuka haifiki sekunde 40, utaanza kuirudia kwa maneno mengine. Mimi ningeandika hivi:

"Umewahi kusimama mbele ya mzazi aliyekwisha kukuhukumu kabla hujafungua mdomo? Masikio yanapata moto, ulimi mzito. Kitabu hiki kinaanzia hapo. Kurasa za mwanzo zinabana kifua. Kisha mlango unafunguka, unavuta pumzi, na pumzi hiyo yenyewe inaanza kukutisha. Utamkasirikia baba. Utamkasirikia binti. Ukikifunga, hasira umebaki nayo na hujui umpe nani. Usikisome usiku peke yako; kisome ukiwa na mtu wa kuongea naye. *Rosa Mistika*, cha Euphrase Kezilahabi."

Hayo ni maneno 63. Kiswahili kina maneno marefu, kwa hiyo piga hesabu ya maneno mawili kwa sekunde: sekunde 32 za kusema, 8 za kunyamaza. Nyamaza baada ya swali na baada ya "kukutisha". Ukiandika maneno 100 kwa kuiga video za Kiingereza, utakimbiza ulimi na hisia yote itapotea. Angalieni pia kwamba jina la Rosa halimo mpaka linapotajwa jina la kitabu. "Baba" na "binti" vinatosha, maana msikilizaji ataweka wa kwake.

Mama Kalamu: Mbona "mlango unafunguka" ni tukio? Si anatoka nyumbani kwenda shule?

Fundi wa Sauti: Umenibana kidogo. Aliyekisoma atalitambua tukio. Asiyekisoma atasikia nafuu tu. Mpaka wangu ni huo: ukiweza kuuliza "nani?" au "wapi?" na sentensi ikajibu, umeshasimulia.

Kibanda cha Vitabu: Mimi nauza, na nina shida na huo mswada. Jina la kitabu linakuja mwishoni kabisa. Watu wengi wanapitisha video kabla haijaisha, kisha wanakuja kibandani: "Nataka kile cha baba mkali." Vya baba mkali ninavyo rafu nzima! Wekeni jalada kwenye kioo tangu sekunde ya kwanza.

Rafu ya Chini: Ukiweka jalada mwanzoni, aliyekisoma shuleni kwa kulazimishwa anapita hapohapo, kabla hujamgusa.

Fundi wa Sauti: Jalada lionekane sekunde 5 za mwisho, juu ya katikati ya kioo, maana chini linafunikwa na maelezo ya video. Jina liandikwe pia kwenye maelezo hayo.

Kibanda cha Vitabu: Maelezo hayasomwi, mkuu. Mimi bado nasema mwanzoni.