Ramani ya michezo shule ya msingi: tupange kwa mchezo au kwa stadi?

Mwalimu wa Kahama: Mwalimu mkuu anataka ramani moja ya elimu ya michezo, darasa la kwanza hadi la sita, ionyeshe stadi zinavyopanda mwaka hadi mwaka. Nimependekeza kila darasa liwe na mchezo wake: la tatu rede, la nne mbio, la tano netiboli, la sita soka. Wenzangu wanapinga. Mnasemaje?

Kocha Chandimu: Uko sawa. Watoto wanataka mchezo, siyo mazoezi ya mkono. Na UMITASHUMTA ikifika timu itatafutwa kwa michezo. Kurusha na kudaka vitakuja vyenyewe wakikua.

Babu Filimbi: Nusu nakubali, Kocha. Umri utampa mtoto nguvu na mkono mrefu, ila namna ya kurusha haiji bila kufundishwa. Simama pembeni ya netiboli ya darasa la sita uwahesabu wanaorusha kwa mkono wa kulia huku mguu wa kulia ndio uko mbele. Hao walikua vizuri tu.

Mwalimu, tazama ulichopanga. La tatu wanarusha kwenye rede, la nne wanakimbia mwaka mzima, la tano unawapa netiboli. Kurusha kumepotea mwaka mzima na ramani yako haionyeshi shimo hilo, kwa sababu imeandikwa majina ya michezo tu. Weka stadi kwenye mistari na madarasa kwenye safu, kisha mchezo uingie kwenye kisanduku cha stadi inayotumika.

Chukua mstari wa kurusha. La kwanza watupe kwa nguvu ukutani, kwa mpira wa matambara. Usiwape kopo dogo la kulenga kwa karibu: mtoto akiogopa kukosa, anasukuma mpira taratibu kwa kiganja na kiwiliwili hakisogei. La pili ongeza hatua ya mguu wa upande wa pili, chora alama chini akanyage hapo. La tatu kiuno na bega vizunguke, shabaha iwe kubwa na mbali, na hapo rede yako inakaa vizuri. La nne arushe kwa mwenzake anayekimbia, yaani mbele yake, asimlenge pale alipo. La tano kuna mpinzani anayezuia, na mpira haukai mkononi zaidi ya sekunde 3. La sita achague mwenyewe pasi ya kifuani, ya kudundisha au ya juu.

Kudaka kuwe mstari wake, chini ya huo. Mtoto wa la kwanza hukumbatia mpira na kugeuza uso. Pasi zikianguka darasani, mara nyingi mrushaji analaumiwa wakati mpokeaji bado anafumba macho.

Mama Nasra: Shikamoo Babu. Binti yangu yuko la nne, rede ya shuleni imemgonga usoni, sasa kipindi cha michezo anajifanya anaumwa tumbo. Kwa nini msiondoe hii michezo ya kugongana?

Babu Filimbi: Marahaba mwanangu. Pole sana. Mpira ule bila shaka ulikuwa mgumu. Uwe wa matambara, na kumgonga mtu juu ya kiuno kusihesabiwe. Lakini mimi rede ninailaumu kwa jambo jingine: aliyegongwa anakaa nje, kwa hiyo asiye na wepesi ndiye anayecheza kidogo kuliko wote. Aliyegongwa achukue nafasi ya mrushaji.

Mwalimu wa mkondo B: Karatasini inapendeza. Mimi nina watoto 90 na mipira miwili.

Babu Filimbi: Basi ramani yako iwe na mistari michache: kukimbia na kukwepa, kuruka na kutua, kurusha na kudaka. Mipira washone wenyewe.

Mwalimu wa Kahama: Na watoto wa la nne wa mwaka huu, ambao la kwanza hadi la tatu hawakufundishwa lolote?

Babu Filimbi: Wiki ya kwanza warushe kumi kumi, wewe tazama miguu tu. Wengi wakikanyaga kwa mguu wa upande uleule, anzia kisanduku cha la pili. Hawatakaa hapo mwaka mzima, wakubwa hushika haraka.

Kocha Chandimu: Halafu mthibiti ubora anaingia, azimio la kazi linasema la nne, uwanjani anaona la pili. Nani atajibu? Na timu ya wilaya inachaguliwa kwa kufunga magoli, hakuna anayetazama miguu.

Babu Filimbi: La timu sina jibu, Kocha. La mthibiti, andika kwenye andalio la somo ulichokiona wiki ya kwanza.

Mwalimu wa Kahama: Nitaandika upya mistari ya kurusha na kudaka. Soka la sita nabakiza, wenzangu wakatae wenyewe kikaoni.