Namba 1-5 au maneno? Majibu ya meseji za maoni yananichanganya

gereji_ya_kona: Wakuu habari. Nina gereji ya pikipiki, mteja akichukua chombo jioni anatumiwa meseji hii: "Asante kwa kuja. Huduma ilikuwaje? Jibu kwa namba moja tu, 1 hadi 5." Wiki iliyopita nimetuma 40, wamejibu 23. 14 wametuma namba tupu, hizo hazina shida. Hizi 9 ndo nimekwama: "nne", "5 asante", "4/5", "4 au 5", "10", "poa", "nilisubiri masaa 3", "1 mko vizuri sana" na "nani mwenzangu". Nibaki na namba au nihamie maneno VIZURI, WASTANI, VIBAYA? Wenye uzoefu naombeni mnisaidie.

bi_mapokezi: Hamia maneno. Sisi kliniki tulihama, wazee wanaelewa haraka, halafu kompyuta inatafuta tu neno "vizuri" kwenye jibu, ikilikuta inahesabu, kazi imeisha.

mtuma_meseji: Dada hapo kwenye wazee nipo na wewe ila hiyo ya kutafuta neno itawaumiza. Mtu akiandika "haikuwa vizuri" neno vizuri limo humo humo, mnamhesabu kama karidhika. Na vijana wa siku hizi wanaandika "mko poa vibaya", huyo anasifia jamani, nyie mnamwandika kalalamika. Maneno yanafaa pale tu jibu zima likiwa ni neno moja basi, likizidi hapo asome mtu.

Sasa gereji, shida yako kubwa naiona kwenye meseji yenyewe. Umeandika "namba moja tu", mtu anasoma haraka anatuma 1. Halafu hujasema 1 ni nzuri au mbaya, na huku kwetu tangu shule wa 1 ndo aliyeongoza darasa, kwa hiyo huyo wa "1 mko vizuri sana" kakupa alama ya juu kabisa na wewe umemweka chini kabisa. Na kama yupo mmoja aliyeandika maelezo, kati ya wale 14 wa namba tupu wanaweza kuwepo wengine waliotuma 1 kwa maana hiyo hiyo na huwezi kuwajua. Waliotuma 1 wapigie wote kabla hujamsema fundi.

Andika hivi: "Gereji ya Kona: pikipiki yako tumeitengeneza leo. Umeridhika? Tuma 5 kama vizuri sana, 3 wastani, 1 vibaya. 2 na 4 pia ni sawa." Jina likiwa mbele hutaulizwa nani mwenzangu. Na usiweke imoji, meseji ya kawaida inabeba herufi 160, ukiweka imoji moja tu zinashuka hadi 70 unalipia meseji mbili. Hata ile alama ya ng' ikiwa imepinda inafanya hivyo hivyo, hii wengi hawaijui.

Kwenye kusoma, kompyuta ikubali namba tupu peke yake:

```
^\s*[1-5]\s*$
```

"nne" na "5 asante" wewe mwenyewe ziandike 4 na 5, hazina utata. "nilisubiri masaa 3" usiruhusu ile 3 iingie kama alama, hayo ni malalamiko, mpigie leo leo. "10", "poa", "4 au 5" na yule wa 1, waulize mara moja tu: "Samahani, 5 ni vizuri sana, 1 ni vibaya. Wewe unatupa ngapi?" Asipojibu iache wazi, usiweke 3 ya kukisia maana wastani wako utakuwa wa uongo. Na maneno yake yahifadhi kama alivyoandika.

gereji_ya_kona: Aisee hiyo ya namba moja sikuwahi kuifikiria. Na "4/5"?

mtuma_meseji: Nne kati ya tano. Weka 4.

bi_mapokezi: Mimi hapo nakataa, kwetu mgonjwa aliandika 3/4 nikampigia akasema alimaanisha tatu au nne. Ulizeni.

mtuma_meseji: Hiyo 3/4 sawa kwa sababu kipimo hakiishii 4. Ila 4/5 kila mtu ukimuuliza utawachosha watu.

dereva_wa_usiku: Mi nauliza, hizi meseji zinazokuja na jina la kampuni badala ya namba nazijibuje? Nilitaka kulalamika juzi nikajibu ikagoma.

mtuma_meseji: Hizo hazijibiki kaka, jina halipokei meseji. Wanatakiwa watumie namba fupi au laini ya kawaida, na waseme kama kujibu ni bure. Gereji na wewe kama unatumia jina angalia, ila umepata 23 kwa hiyo upo kwenye laini.

gereji_ya_kona: Ndio ni laini ya kawaida. Nimempigia yule wa 1, kacheka, anasema "si mmekuwa wa kwanza". Kesho nabadilisha meseji, maneno bado nayafikiria kwa ajili ya wazee.

bi_mapokezi: Wazee 20 watumie maneno, 20 namba, uone nani wanajibu vizuri zaidi.