Mrejesho: barua ya wageni kuhusu mvua, harusi ya Bagamoyo

Niliuliza: harusi ya nje wakati wa masika, wageni niwaandikieje kuhusu mvua?

Asanteni sana. Niliandika hivi: "Ndugu wageni, saa 3 asubuhi mtapata ujumbe wa mahali. Ardhi ikiwa imelowa, hata jua likiwaka, tutakuwa ukumbini. Saa ya kuanza ni ileile, saa 10 jioni."

Saa 3 ilitokana na wapambaji, maana kuhamisha viti na maua kunawachukua nusu siku. Usiku mvua ilinyesha, asubuhi kukawa kweupe, lakini uwanja ulikuwa na madimbwi na visigino vingezama. Tukahamia ukumbini. Wazee wasiosoma ujumbe kamati iliwapigia simu mmojammoja, na hilo ndilo lililosaidia zaidi.