Naomba ushauri: mauzo yameongezeka lakini nimepata hasara

Wakuu, ninaoka mikate na keki ndogo, na gharama zangu zisizobadilika ni shilingi 1,540,000 kwa mwezi. Mkate mmoja, baada ya kutoa unga, mafuta na mkaa, huniachia shilingi 400, na keki huniachia 1,000. Kwa hiyo, vikiuzwa sawa kwa sawa, wastani ni 700 na gharama hurudi nikifikisha bidhaa 2,200.

Mwezi uliopita niliuza 2,400, lakini mikate ilikuwa 1,800 na keki 600 tu, wastani ukashuka hadi 550, kiwango cha kurudisha gharama kikapanda hadi 2,800, nami nikapata hasara ya 220,000. Hata nikiongeza shilingi 100 kwenye mkate, kwa mchanganyiko huohuo bado ningepungukiwa 40,000.

Je, nipunguze mikate, ilhali wanunuzi wengi wa keki huja kwa ajili ya mkate?