Nifupishe vipi ripoti hii ya Kiingereza? Maneno yanajirudia mno

Karani_Moro: Wakuu, habari za jioni. Nimepewa ripoti ya mradi wa mahindi niipunguze. Sentensi zenyewe ndizo hizi: "Farmers were asked to store maize in dry sacks. Farmers who stored maize in dry sacks lost little. Farmers who had old sacks were given new sacks." Naona "do so" na "one" zingenisaidia, ila sijui niziweke wapi.

Baba Tausi: Rahisi, dada. Kila kitendo kikijirudia weka "did so", kila kitu kikijirudia weka "one". Umemaliza.

Mhariri_Mzee: Nusu yake ni kweli, Baba Tausi. "Those who did so lost little" inakubali, kwa sababu kuhifadhi ni jambo mtu analifanya. Ila ripoti ikiendelea na "Some farmers owned land near the river", usiandike "those who did so". Jiulize: walifanya nini? Huwezi kujibu kwamba walimiliki. Kumiliki ni hali tu. Hapo andika "those who did", bila "so". Ndivyo ilivyo pia kwa "know" na "like".

Kwenye magunia, "were given new ones". Sisi tumezoea kusema "walipewa mapya" na ngeli inatubeba, kwa hiyo wengi huandika "were given new" na kuishia hapo. Kiingereza kinadai "ones".

Karani_Moro: Asante sana, mzee. Na hii je: "Many wanted to join the group but few did so"? "Want" si hali?

Mhariri_Mzee: Ni hali, lakini "did so" hapo imeshika "join", haikushika "want". Iache.

Mama Pili: Mimi mwanangu aliandika "so I do" mwalimu akamkata, akasema ni "so do I". Si kitu kilekile?

Baba Tausi: Hapana, mama. "So do I" ni "hata mimi". "So I do" unasema ukishtukia kwamba kumbe ni kweli. Hilo nina uhakika nalo!

Karani_Moro: Imebaki mbolea: "The cheap fertilizer ran out, so they bought an expensive one."

Mhariri_Mzee: Mbolea haihesabiki, rudia neno: "expensive fertilizer". Kurudia si kosa.

Baba Tausi: Lakini kama anamaanisha aina nyingine ya mbolea? Dukani aina zinahesabika.

Mhariri_Mzee: Hoja hiyo ipo, wapo watakaoipitisha. Mimi kwenye ripoti nisingeipitisha. Na mkifika kwenye maoni ya wakulima, "they think so" na "they hope so" ni sawa, ila "they doubt so" hakuna. Ni "they doubt it".

Mama Pili: Kwa hiyo mwalimu alikuwa sahihi?