Kufuta muhuri na maandishi kwenye picha ya zamani ya familia: nimpe fundi elfu 35 au nihangaike mwenyewe?

dagaa_wa_kibirizi:
Wakuu mwakeye. Nina picha ya babu na bibi na watoto wao wawili, ya zamani sana, nimeiskani. Ina muhuri umepita juu, ina maandishi ya peni na alama za selotepu. Jumamosi ya wiki ijayo tuna hitma ya bibi hapa Ujiji na nataka nichapishe kubwa niweke kwenye fremu. Studio moja Mwanga wanataka elfu 35, dogo mmoja anasema atafanya kwa Snapseed bure, mwingine kaniambia nipakue GIMP kwenye laptopu nifanye mwenyewe. Ipi bora?

fundi_skana:
Mkuu umeuliza dawa hujasema ugonjwa. Muhuri rangi gani? Peni rangi gani? Umepita juu ya uso au pembeni? Picha yenyewe nyeusi na nyeupe au ya rangi? Uliskani dpi ngapi, na hilo faili unalo kwenye flashi au ulitumiwa WhatsApp?

mama_chausiku:
Snapseed inatosha jamani msimtishe mtu. Unaenda Healing unagusa pale penye doa linaondoka. Mimi nilitoa chunusi zote kwenye picha ya send-off.

fundi_skana:
Chunusi sawa dada, doa dogo kwenye ngozi laini. Muhuri ukipita kwenye kidevu na kola ya shati, Healing inachota ngozi ya jirani inabandika, unapata babu asiye na kidevu. Hizo zana zote, za Snapseed, za GIMP, hata Photoshop, zinabuni kilichokuwa chini. Ila wino wa muhuri mara nyingi haujafunika kitu, picha ipo palepale chini yake inaonekana kama ukiangalia kupitia kioo cha rangi, ndo maana nauliza rangi.

Mzee_wa_Isevya:
Kijana, angalia sana. Kufuta muhuri wa serikali ni kosa la jinai. Sisi huku Tabora tuliona watu wakipelekwa kituoni kwa vyeti.

dagaa_wa_kibirizi:
Shikamoo mzee, sio cheti ni picha ya familia 😂 nadhani iliwahi kubandikwa kwenye fomu fulani enzi hizo ndo ikagongwa muhuri.
Fundi, muhuri ni zambarau, umekamata bega la bibi na kidevu cha babu. Peni ya bluu imeandika "Tabora 1967" juu pembeni kwenye anga. Selotepu imepita kona ya chini, imeacha njano kwenye kanga ya bibi. Picha nyeusi na nyeupe. Niliskani steshenari, jamaa akanitumia WhatsApp.

fundi_skana:
Fungua faili uangalie, muhuri bado zambarau au umekuwa kijivu?

dagaa_wa_kibirizi:
Kijivu. Jamaa alisema picha ni blaki endi waiti so akaweka hiyo seting.

fundi_skana:
Hapo ndo pamekufa. Wino na kivuli vyote vimekuwa kijivu kimoja, hata hao wa elfu 35 watachora tu kwa kubahatisha. Rudi uskani upya kwa RANGI, 600 dpi, sevu PNG au TIFF, ubebe kwa flashi. WhatsApp ukituma kama picha inapunguza saizi na inabana rangi kuliko inavyobana mwanga, na sisi rangi ndo tunaihitaji.
Ukirudi fungua GIMP, nenda `Colors > Components > Decompose`, chagua RGB. Utapata leya 3 za kijivu, red, green na blue. Zima moja moja uone muhuri unafifia wapi.

kijana_wa_reli:
Hakuna haja ya yote hayo, we geuza iwe nyeusi na nyeupe wino unapotea, mi nimefanya mara nyingi.

fundi_skana:
Nusu yake ni kweli. Ukigeuza kawaida inachanganya chaneli zote 3, na ile inayoonyesha muhuri vibaya inakuja nayo. Wino wa bluu au zambarau unafifia kwenye blue kwa sababu huo mwanga unaurudisha kama karatasi nyeupe. Wako labda ulikuwa mwekundu, huo unafifia kwenye red. Mweusi ndo haufifii popote.

mama_chausiku:
Kwani si apake spiriti kidogo kwa pamba atoe wino kwenye picha yenyewe?

binti_Ujiji:
USIFANYE HIVYO. Naongea kwa uchungu. Mimi nilikuwa na picha ya marehemu baba amesimama gati na meli nyuma yake, mtu kaandika namba ya simu kwa peni juu ya suruali yake, nikachukua kile kioevu cha kutolea rangi ya kucha, pamba ya masikioni, nikaanza taratibu. Wino ukayeyuka kweli, nikafurahi, halafu badala ya kutoka ukasambaa ukawa wingu la bluu mpaka kiunoni. Nikaona nimalize na maji, nikasugua, ule utando wa juu ukalainika kama uji ukavimba, ukaja na pamba, mkono wa baba ukabaki karatasi nyeupe. Mama aliiona hakusema kitu, akaichukua akaiweka kwenye sanduku lake na mpaka leo hajanionyesha tena. Na sikuwa nimeiskani kabla.

fundi_skana:
Pole sana dada. Hata selotepu usiibandue kama bado imeshika, inakuja na picha. Skani nayo hivyohivyo.

dagaa_wa_kibirizi:
Nimerudi wakuu, jana umeme ulikuwa umekata mchana kutwa. Nimeskani kwa rangi nikafanya Decompose na nimeshangaa. Kwenye blue muhuri umebaki kama moshi, kidevu cha babu kipo na kovu dogo ambalo mi sikuwahi kulijua. Ila sasa kona ya selotepu imekuwa nyeusi tii, na picha nzima ina chengachenga. Kwenye red ni kinyume, selotepu imepotea kabisa ila muhuri mweusi kama lami.

fundi_skana:
Ndivyo inavyokuwa. Njano inameza bluu, na picha za zamani karatasi yote imeshakuwa njano ndo maana blue ina chenga. Usichague moja. Red iwe chini kama picha yako, blue iweke juu, iongezee maski nyeusi ipotee yote, halafu paka brashi nyeupe laini pale penye muhuri na peni TU. Kiraka kitaonekana cheusi kuliko jirani yake, chagua leya ya blue yenyewe sio maski, fungua `Colors > Curves` uinue mpaka bega lifanane. Mabaki ya ukingo wa muhuri, pale wino ulipotuama, ndo umalizie na Heal, sehemu ndogo ndogo.

dagaa_wa_kibirizi:
Muhuri umeondoka kwa 90%. Ila "Tabora 1967" rangi imepotea lakini maandishi bado yanasomeka, kama kivuli.

fundi_skana:
Hiyo sio wino tena, ni mfereji. Aliyeandika alikandamiza, taa ya skana inapiga kutoka upande mmoja ikaacha kivuli. Geuza picha kichwa chini uskani tena, kwenye komputa uirudishe wima uilaze juu ya ile ya kwanza kwa opasiti 50, vivuli vinapungua. Au kwa kuwa ni anga, paka Clone yaishe.

Mzee_wa_Isevya:
Mimi nasema hayo maandishi yaache. Miaka ishirini ijayo nani atajua ilikuwa Tabora?

binti_Ujiji:
Mzee yuko sahihi, hata huo muhuri. Hujasoma umeandikwa nini?

dagaa_wa_kibirizi:
Kwenye green unasomeka vizuri kuliko hata kwa macho, ila ni nusu, "...WAY" na chini yake "TABORA". Babu hakuwahi kusema alifanya kazi reli, sisi tunajua alikuwa mvuvi tu.

kijana_wa_reli:
Kuna ile tarehe ya rangi ya machungwa kwenye picha za miaka ya 90, kona ya chini kulia, nayo inatoka kwa hiyo blue? Ninayo ya harusi imekaa juu ya kiatu cha bibi harusi.

fundi_skana:
Hiyo bahati mbaya mkuu. Kamera iliichoma kwa mwanga ndani ya filamu, hata negativu inayo. Chini yake hakuna kiatu. Kata ukingo au chora kiatu.

mama_chausiku:
Chora kwa Snapseed 😁

dagaa_wa_kibirizi:
Nimemuuliza mjomba kuhusu hiyo WAY, kaniambia nije nyumbani tuongee, sio ya simu. Ya kuchapisha nitaweka safi, ile yenye muhuri naitunza kwenye flashi. Studio wa Mwanga A4 karatasi ya picha ni bei gani siku hizi?

binti_Ujiji:
Nenda kwa mjomba kwanza, utupe mrejesho.