Tupeane uzoefu: Ruta mpya imekataliwa kwa sababu laini imefungwa kwenye anwani ya ile ya zamani

Nahodha: Wakuu, habari zenu. Jirani yangu amenunua ruta mpya baada ya ile ya awali kuungua, na mtoa huduma amemjibu kwamba laini inatambua anwani ya MAC ya kifaa cha zamani pekee. Nimekumbuka yaliyonikuta mimi. Aliyewahi kupitia hali hii aeleze alivyojinasua.

Bi Tatu: Hilo nalifahamu vizuri. Taa ya WAN ilikuwa inawaka na waya ulikuwa mzima, lakini kwenye ukurasa wa hali ya ruta anwani ya IP ilibaki `0.0.0.0`, hata nifanye nini. Mtambo wao unapoombwa anwani ya IP hutazama MAC ya anayeomba, na usipoikuta kwenye orodha yake hunyamaza kimya. Huduma kwa wateja walinipokezana, kila mmoja akiniagiza nizime na kuwasha. Mwishowe niliingia kwenye mipangilio ya WAN, nikafungua sehemu iliyoandikwa `MAC Clone`, nikaandika anwani iliyo kwenye kibandiko cha ruta ya zamani. Bado kimya! Kumbe anwani ya kibandiko mara nyingi ni ya upande wa ndani, na upande wa WAN una ya kwake, ambayo kwenye ruta nyingi ndiyo inayofuata. Kibandiko changu kiliishia na 4F, na kwa kuwa tarakimu hizi huishia F, inayofuata 4F ni 50. Nilipoandika 50 na kuiwasha ruta upya, IP ilikuja papo hapo.

Kobe: Hapo kwenye kibandiko ndipo wengi tunapokwama.

Jogoo: Mnajisumbua bure. Sehemu hiyohiyo ina kitufe cha kunakili anwani, unakibonyeza na kazi imekwisha.

Fundi Mstaafu: Ndugu Jogoo, kitufe hicho hunakili MAC ya kompyuta unayoitumia wakati huo, wala hakijui lolote kuhusu ruta iliyokufa.

Jogoo: Kwangu kilifanya kazi, mzee.

Fundi Mstaafu: Basi bila shaka laini yako ilisajiliwa kwa kompyuta hiyo fundi alipokuja kuijaribu. Usiwape wenzako bahati yako kama kanuni.

Mama Zuhura: Mimi pia simu yangu inakataa waifai tangu nibadilishe nywila. Nayo ni MAC?

Kobe: Hapana, mama. Isahaulishe simu mtandao huo, kisha uingize nywila mpya. Hapa tunazungumzia upande wa mtoa huduma.

Mpwa wa Pwani: Nyinyi mna nafuu. Mjomba wangu aliiga anwani ya ruta yake ya zamani, kisha akamuuzia ruta hiyo mpangaji wa ghorofa ya juu, ambaye naye yuko kwa mtoa huduma yuleyule. Ikawa intaneti inahama: huku ikija, kule inakatika. Mtambo ulikuwa unaiona anwani moja ikitokea kwenye milango miwili, na kila mmoja wao akiamini mwenzake anamwibia. Walifikishana kwa mwenye nyumba, na mtoa huduma akazifunga laini zote mbili.

Kobe: Na mpangaji alirudishiwa fedha zake?

Mpwa wa Pwani: Mpaka leo hawasalimiani.

Fundi Mstaafu: Kisa hicho ndicho kinachonifanya nipendelee usajili mpya kuliko kuiga. Wasomee anwani ya WAN kutoka ukurasa wa hali wa ruta mpya, si ile ya kwenye boksi. Tena, kama kilichoungua ni kile kifaa kinachopokea waya wa faiba wenyewe, kuiga MAC kwa kawaida hakutakusaidia, kwa sababu kwenye faiba za GPON kifaa hicho hutambuliwa kwa namba yake ya kiwandani, yaani ile namba ya mfululizo iliyo ubavuni mwake. Kuiga kunafaa pale ruta inapokaa nyuma yake.

Jogoo: Usajili mpya utasubiri hadi uote mvi. Mimi ningezima modemu kwanza, maana nyingine hukumbuka kifaa cha kwanza tu hadi zizimwe.

Bi Tatu: Hilo ni kweli kwa baadhi, ila kwangu halikusaidia kitu.

Nahodha: Kibandiko cha jirani kimeungua pamoja na ruta. Aitoe wapi anwani?

Kobe: Atazame boksi, au awaombe waisome kutoka kwenye usajili wake. Wengine hukataa kuitaja kwa simu.

Nahodha: Na wakimsajilia mpya wakati tayari ameshaiga ya zamani?

Fundi Mstaafu: Arudishe mipangilio kwenye anwani halisi ya kiwandani siku hiyohiyo, la sivyo ruta itaendelea kujitambulisha kwa jina lililofutwa, naye atakatwa upya.